Slaidi Tisa Kabla ya Mtaro wa Kwanza

Siku tulipofungua maji kwa majaribio, ng'ombe walifika kwenye kilula kabla ya akina mama. Walikuwa kama arobaini, wakichungwa na vijana wawili waliosimama pembeni wakitafuta kitu kwa macho. Mmoja akanisogelea. "Shikamoo mzee. Mifugo inanywea wapi?" Nikamwambia kwamba mradi huu ni wa watu, hauna birika. Alinitazama kwa muda, kisha akasema kwa upole kwamba baba yake alijitolea kuchimba mtaro siku sita kwa sababu ya ng'ombe wale. Wiki haikuisha, koki mbili zikawa zimevunjwa.

Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Miezi minane kabla ya siku ile tulikaa kikao cha kuanza mradi katika ofisi ya kijiji, na kila mtu aliunga mkono "mradi wa maji wa kijiji chetu". Mfugaji aliposikia maneno hayo aliona birika. Mwalimu mkuu aliona bomba ndani ya jiko la shule. Wenye nyumba za bati waliona koki uani. Sisi wa upande wa ufundi tuliona vilula kumi na viwili kando ya barabara. Niliandaa slaidi 38 zenye ramani, picha na nembo za wafadhili, lakini hata moja haikusema mradi hautafanya nini. Tulitoka chumbani tukiwa na furaha moja na miradi minne tofauti vichwani.

Tangu hapo nimebadili kabisa namna ya kuandaa slaidi za kikao cha kuanza. Sasa huwa tisa tu, na kila moja ina jambo ambalo waliopo wanatakiwa kulikubali, kulikataa au kulirekebisha hapo hapo. Nitaeleza jinsi zinavyotengenezwa kwa kufuata mradi mmoja wa kisima kirefu, pampu ya sola, tenki na vilula. Hesabu zake nimezipanga kwa ajili ya mfano, lakini vipimo ninavyotumia ni vile vile vya kazini.

Kazi huanza kabla ya kompyuta

Kosa la kwanza ni kukaa mezani na kuanza kuandika slaidi. Anza kwa kuzunguka. Orodhesha watu wanaoweza kuukwamisha mradi au watakaoishi nao baada ya mkandarasi kuondoka. Kwa mradi wetu ni mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, diwani, mhandisi wa maji wa wilaya, mwakilishi wa mfadhili, mkandarasi, kiongozi wa chombo cha watumia maji, mwalimu mkuu, mzee wa wafugaji, na mama mmoja au wawili wanaoteka maji kila siku. Hao wawili wa mwisho husahaulika kwa sababu hawana ofisi, na ndio wanaojua foleni inaanza saa ngapi.

Kaa na kila mmoja peke yake kwa nusu saa na umuulize maswali mawili yale yale. Mradi ukiisha, utaona nini ambacho leo hakipo? Na ni jambo gani likitokea utasema mradi huu umekuangusha? Andika majibu kwa maneno yake mwenyewe, usiyatafsiri kwa lugha ya ofisi. Jioni yapange majibu yote kwenye karatasi moja. Pale yanapopishana ndipo slaidi zako zinapotakiwa kukaa. Kila mtu akitaja vilula, jambo hilo halihitaji zaidi ya mstari mmoja. Watatu wakitaja ng'ombe na mfadhili hajawataja, hapo pana slaidi nzima.

Mazungumzo haya yana faida nyingine. Hakuna mkubwa anayependa kusikia jambo zito kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Diwani akigundua kikaoni kwamba kitongoji cha nyumbani kwake hakimo, atalazimika kupinga hata kama sababu ni nzuri. Akielezwa mapema na kuonyeshwa hesabu, anaweza kuja kikaoni akiwa ndiye anayewaeleza wengine. Kwa hiyo rasimu ya slaidi iwafikie wote angalau siku mbili kabla, na kwa wasiotumia barua pepe ichapishwe na kupelekwa mkononi.

Kilichomo na kisichomo

Slaidi ya kwanza ni sentensi moja inayosema nini kitakuwa kimebadilika, kwa nani na lini. Kwa mfano: "Kufikia mwisho wa Oktoba, wakazi 3,000 wa vitongoji vitano watateka maji safi kwenye vilula 12, na hakuna atakayetembea zaidi ya mita 400." Linganisha na "kuboresha huduma ya maji kijijini". Sentensi ya pili haiwezi kumkwaza mtu, ndiyo maana haina kazi. Maneno kama kuboresha, kuimarisha na kuwezesha kila mtu huyajaza anachokitaka.

Slaidi ya pili inaorodhesha kilichomo kwa vitu vinavyohesabika: kisima kimoja, pampu moja na paneli zake, tenki moja, bomba kuu, vilula 12, na mafunzo ya chombo cha watumia maji. Ya tatu ndiyo niliyoikosa mwaka ule. Husomeka hivi:

*Kisichomo katika awamu hii*

*Birika la mifugo: maji ya kisima hayatoshi, tazama slaidi ya 4.*

*Kuunganisha maji majumbani: chombo cha watumia maji kitaamua baada ya mwaka mmoja wa kuendesha vilula.*

*Bomba ndani ya majengo ya shule: bomba la mradi linaishia kwenye kilula cha langoni.*

Kila mstari una sababu, na inapowezekana una mlango wa baadaye. Orodha ya makatazo matupu huzua ugomvi. Sababu ikiwepo, watu huanza kutafuta njia.

Slaidi ya nne huweka wazi hesabu iliyo nyuma ya sababu hizo, kwa sababu watu hukubali mpaka wanaouona ulikotoka. Sera ya Taifa ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2002 iliweka kipimo cha huduma ya vijijini: lita 25 kwa mtu kwa siku, kilula kimoja kwa watu 250, umbali usiozidi mita 400. Watu 3,000, ukiwamo ukuaji wa miaka kumi ijayo, wanahitaji lita 75,000 kwa siku. Ukigawa 3,000 kwa 250 unapata vilula 12. Kisima tunakitarajia kitoe lita 12,000 kwa saa, na jua linaweza kuiendesha pampu vizuri kwa kama saa saba, yaani lita 84,000. Zinabaki lita 9,000. Ng'ombe mmoja wakati wa kiangazi hunywa lita 30 au zaidi kwa siku, na kijiji kina ng'ombe kama elfu moja. Hao wanahitaji lita 30,000.

Hesabu hiyo ikikaa ukutani, mjadala hubadilika. Mzee wa wafugaji haulizi tena kwa nini mmetudharau. Anauliza lambo la zamani lingegharimu kiasi gani kufufuliwa, na hilo ni swali linalojibika. Slaidi hiyo hiyo inapaswa kukiri kwamba lita 12,000 ni dhana, kwa sababu kisima bado hakijapimwa. Dhana iandikwe kwamba ni dhana, na tarehe itakayoithibitisha au kuivunja iwekwe pembeni yake.

Jina moja kwa kila kazi

Slaidi ya tano ni ya majukumu. Wengi hapa huchora mchoro wa masanduku unaoonyesha nani yuko juu ya nani. Mchoro huo huonyesha vyeo, lakini hauonyeshi nani atampigia simu mwenye shamba Jumatatu asubuhi. Badala yake chora jedwali. Upande wa kushoto andika kazi na maamuzi kama kumi ambayo kweli yanaweza kugombaniwa au kuachwa. Juu weka safu nne: mwenye dhamana, watekelezaji, wa kuulizwa kabla, na wa kuarifiwa baada.

Sheria yake ni moja, na haina huruma: safu ya mwenye dhamana ina jina la mtu mmoja kwa kila mstari. Isiandikwe "kamati", wala "kijiji", wala "wilaya na mkandarasi". Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na kamati ikiwa na dhamana kila mjumbe hudhani mwenzake ameshughulikia.

Chukua mstari wa eneo la tenki. Tenki linatakiwa kukaa mlimani, na mlima ni shamba la mtu. Mkandarasi anadhani ardhi ni kazi ya kijiji. Kijiji kinadhani ni kazi ya wilaya. Mfadhili anadhani ilishamalizika. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo haufanyiki kwa siku moja. Kwa hiyo jedwali linasema hivi: mwenye dhamana ni mwenyekiti wa kijiji; watekelezaji ni mtendaji na halmashauri ya kijiji; wa kuulizwa kabla ni mwenye shamba na familia yake, pamoja na mhandisi; wa kuarifiwa ni mkandarasi na mfadhili. Mwenyekiti akisoma mstari huo mbele ya watu, atasema "naam" au atasema "hili siliwezi mpaka wilaya inisaidie". Yote mawili ni majibu mazuri. Jibu baya ni ukimya.

Mstari mwingine usioachwa ni wa siku baada ya makabidhiano. Tanzania miradi ya maji ya vijijini iko chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, na uendeshaji wa kila siku hukabidhiwa chombo cha watumia maji cha jamii yenyewe. Nani atapanga bei ya ndoo? Nani atashika funguo za nyumba ya pampu? Koki ikivunjika, fundi analipwa na nani katika kipindi cha matazamio, na nani baada ya hapo? Haya huonekana ya mbali siku ya kwanza, lakini chombo hicho kikijua majibu mapema kitachagua mhasibu na fundi wakati mitaro bado inachimbwa, nao watajifunza wakiona bomba linavyolazwa.

Tuseme mradi umeshakufa

Slaidi ya sita ni ya vihatarishi. Ukiuliza kikaoni "kuna hatari gani?", watu watataja ukosefu wa fedha, mvua na mabadiliko ya siasa, kisha watanyamaza. Mwanasaikolojia Gary Klein alieleza mwaka 2007 njia bora zaidi: waambie watu wajifanye kwamba mradi umeshashindwa, kisha kila mmoja aandike sababu zilizouua. Unapouliza hivyo, anayetoa shaka haonekani tena kuwa mpinzani wa mradi. Anaonekana mtu aliyefikiri. Mimi hufanya zoezi hili katika yale mazungumzo ya ana kwa ana, kisha tunalirudia kikaoni kwa dakika kumi, kila mtu na kipande cha karatasi. Asiyeandika humnong'oneza jirani yake amwandikie.

Kutoka kwenye rundo hilo chagua vihatarishi vitano tu. Kila kimoja kiandikwe kwa sentensi yenye chanzo, tukio na matokeo, kifuatiwe na dalili ya mapema, hatua ya kuchukua na jina la anayekifuatilia. "Ubora wa maji" si kihatarishi, ni kichwa cha habari. Kihatarishi ni hiki: "Kwa kuwa visima vya eneo hili vimewahi kuwa na madini ya floridi, huenda maji ya kisima chetu yakavuka miligramu 1.5 kwa lita, na tukalazimika kutafuta chanzo kingine baada ya kununua mabomba." Kipimo hicho cha 1.5 ndicho mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, na katika mikoa kama Arusha, Manyara na Singida kuvukwa kwake si jambo geni. Sentensi ikishaandikwa hivyo, hatua inajitokeza yenyewe: hakuna bomba linalonunuliwa kabla majibu ya maabara hayajafika.

Kihatarishi cha pili kwenye mfano wetu ni masika. Njia ya kufika kijijini inakatiza mbuga ya udongo mweusi ambao ukilowa hushika gurudumu la lori mpaka ekseli. Mabomba yasipofika kabla ya katikati ya Machi, yatafika Juni. Dalili ya mapema si wingu. Dalili ni oda ya mabomba kutokuwa imelipwa kufikia wiki ya pili ya Februari.

Hapo vihatarishi viwili vinagongana. Kimoja kinasema subiri maabara, kingine kinasema wahi mvua. Mgongano wa namna hiyo ukionekana kwenye slaidi moja mwezi Januari, unatatuliwa kwa kupeleka sampuli ya maji wiki hiyo hiyo. Ukionekana Machi, unatatuliwa kwa lawama.

Siku 60 za kwanza

Slaidi ya saba haionyeshi mradi wote. Ratiba ya miezi kumi yenye mistari themanini haisomeki ukutani, na mtu asiyeielewa hawezi kuiahidi. Onyesha siku 60 za kwanza na hatua nne tu. Kila hatua iandikwe kama kitu ambacho mgeni asiyejua mradi anaweza kufika na kukikagua. Kwa mradi wetu unaoanza katikati ya Januari:

Siku ya 14, muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji unaoidhinisha eneo la tenki na njia ya bomba umesainiwa, na makubaliano na mwenye shamba yako kwenye faili.

Siku ya 21, kisima kimepimwa kwa kupampu saa 24 mfululizo, na ripoti ya kiasi cha maji na ya maabara iko mezani kwa mhandisi.

Siku ya 30, vigingi 12 vya vilula vimepigwa ardhini baada ya kutembea njia nzima pamoja na akina mama wa kila kitongoji.

Siku ya 55, mabomba ya njia kuu yamepokelewa na kuhesabiwa kijijini.

Angalia jinsi zinavyoshikana. Aina ya pampu haiwezi kuchaguliwa kabla ya upimaji, kwa sababu upimaji ndio unaoonyesha kisima kinatoa kiasi gani na maji yanashuka mpaka kina gani yanapovutwa. Kwa hiyo siku ya 21 ni lango: tukipata lita 12,000 kwa saa tunaendelea, tukipata 7,000 tunakaa tena na slaidi ya pili, kwa maana vilula 12 vitakuwa ahadi hewa. Lango hilo litangazwe siku ya kwanza. Wadau wakishajua kwamba kurudi mezani ni sehemu ya mpango, hawatakuona mwongo siku utakapowaita.

Angalia pia hatua ya kwanza. Ni ndogo, iko karibu, na inamtegemea mwenyekiti wa kijiji, siyo mkandarasi. Siku ya 14 ikipita bila muhtasari, tumejua mapema kwamba jedwali la majukumu lina ufa, wakati bado hatujatumia fedha nyingi.

Slaidi ya nane inasema jambo likitaka kubadilika litapitia wapi. Mtu yeyote anaweza kuomba badiliko. Mhandisi anapewa siku saba kueleza litagharimu maji kiasi gani, fedha kiasi gani na siku ngapi. Kisha watu watatu waliotajwa kwa majina wanasaini kukubali au kukataa. Bila slaidi hii, kilula cha kumi na tatu huahidiwa kwenye mkutano wa hadhara.

Ya tisa ni maamuzi ya siku hiyo, si zaidi ya manne, kila moja na nafasi ya kuandika jibu. Hakuna slaidi ya "asanteni kwa kunisikiliza".

Siku yenyewe

Ofisi nyingi za vijiji zina madirisha makubwa yasiyo na pazia, na mchana mwanga hula picha ya projekta mpaka haionekani. Chapisha slaidi ya tatu, ya tano na ya saba kwenye karatasi kubwa, uzibandike ukutani na uweke kalamu ya wino mzito pembeni. Mtu akisahihisha, sahihisho liandikwe juu ya karatasi yenyewe mbele ya wote. Karatasi iliyokwaruzwa ina thamani kuliko safi, kwa kuwa walioikwaruza wameshaimiliki.

Tumia robo ya muda kueleza na sehemu iliyobaki kusikiliza. Dalili kwamba kikao kimeshindwa ni hizi: hakuna swali hata moja kwenye slaidi ya kisichomo, kila mtu anatikisa kichwa, na mazungumzo ya kweli yanaanza nje chini ya mwembe baada ya soda. Ili kuzuia hilo, kabla ya kufunga zunguka meza na kumwomba kila mmoja aseme kwa maneno yake kazi yake ya kwanza ni ipi na ni ya tarehe gani. Usimkumbushe. Akikosea, kosa ni la slaidi, na una nafasi ya kulirekebisha wakati bado yupo.

Jioni ile ile piga picha karatasi zote, ingiza masahihisho kwenye slaidi, andika tarehe na namba ya toleo, kisha zitume pamoja na muhtasari wa kikao. Mali bila daftari hupotea bila habari, na makubaliano nayo ni mali. Toleo hilo ndilo litakalofunguliwa siku ya 14, ya 21, ya 30 na ya 55, na kila mara mtu ataulizwa kwa jina.

Slaidi hizi zina kikomo chake. Haziwezi kuongeza maji kisimani, wala kumfanya mwenye shamba aliyekataa akubali. Zinachoweza ni kuhakikisha kukataa kwake kunasikika Januari. Kama una kikao cha kuanza mradi mwezi huu, wa maji, wa bweni la shule au wa mfumo mpya wa SACCOS, andika slaidi ya kisichomo kabla ya nyingine zote, kisha nenda kamsomee yule ambaye itamuumiza zaidi. Mimi ningemsomea baba wa kijana yule, kabla hajashika jembe siku ya kwanza kati ya zile sita.